Mstari wa Tatu

Uongo wangu wa kwanza wa bluzi niliuandika Kiunga, barazani kwa mjomba, na ulikuwa na silabi 15. Nausema uongo ingawa hakuna mtu angeweza kunishtaki kwa sababu yake. Ulikuwa mstari mzuri tu, una vina, unaimbika, na ungeuimba msikitini baada ya hotuba hakuna ambaye angekunja uso. Ndiyo maana umenisumbua hadi leo.

Kiunga ni mji wa wavuvi wa Kibajuni huku juu kabisa ya pwani ya Kenya, Lamu Mashariki, ukivuka kidogo tu uko Somalia. Mbele yake kuna visiwa na miamba ya matumbawe ambayo tangu 1979 ni hifadhi ya bahari. Nyuma yake kuna msitu wa Boni. Kati ya hivyo viwili kuna watu wanaokula kwa kwenda baharini, na wakati nilipokwenda kukaa kwa mjomba, marufuku ya kuvua usiku bado ilikuwepo. Iliwekwa kwa sababu za usalama, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikaja na kafyu, mambo yakakaza zaidi.

Kwa mtu wa mjini marufuku ya usiku inaonekana jambo dogo. Si uvue mchana? Mjomba anavua kwa jarife, na jarife si kazi ya mchana. Ni wavu unaotegwa jioni, unaachwa majini usiku kucha, alfajiri unavutwa. Samaki hunasa kwa sababu haoni nyuzi. Mchana anaziona, anazunguka, anakwenda zake. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa jarife asivue usiku, hujampunguzia saa za kazi. Umemwambia wavu wake ni kamba ya kuanikia nguo. Ule wavu ulikuwa umetundikwa ukutani kwenye upenu, nailoni imeanza kukakamaa kwa jua, ukiupinda unalia kidogo.

Mimi nilikuwa na gitaa. Nilikuwa na wiki nzima nikijaribu kuandika bluzi kwa Kiswahili, si kwa sababu kubwa, ni kwamba nilikuwa nimechoka kuimba shida za watu wa Mississippi kama vile za kwetu zimeisha. Nikasema basi, shida iko hapa ukutani imetundikwa. Niiandike.

Wacha nieleze chombo chenyewe kwanza, kwa sababu swali langu linakaa ndani yake.

Bluzi ya kawaida ina mafungu 12, kila fungu lina mapigo manne. Ukihesabu polepole, kama mapigo 72 kwa dakika, mzunguko mzima unachukua sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo 40 kuna mistari mitatu tu ya maneno. Wa kwanza unaitaja shida. Wa pili unairudia, neno kwa neno au karibu na hapo. Wa tatu unajibu, na kina chake kinafanana na cha ile miwili. Kila mstari unapewa mafungu manne, lakini maneno hayajazi yote. Yanakula mawili na kidogo, yanatua kwenye pigo la kwanza la fungu la tatu, halafu mwimbaji ananyamaza na gitaa linamalizia. Kwa hiyo karibu nusu ya wimbo ni mtu aliyefunga mdomo. Wengi tukianza kuandika tunaisahau hiyo nusu, tunaijaza maneno, na wimbo unakuwa malalamiko ya mteja kwa kondakta.

Chini ya maneno kuna kodi (si ile ya KRA). Tuseme unapiga kwa E. Mafungu manne ya kwanza unakaa E, yaani uko nyumbani. La tano na la sita unahamia A, la saba na la nane unarudi E. La tisa unapanda B, ambayo ndiyo kodi yenye wasiwasi kuliko zote, la kumi unashuka A, la kumi na moja uko nyumbani tena. La kumi na mbili tutaliongelea baadaye.

Sasa angalia ule mstari wa pili. Maneno ni yaleyale, lakini mara ya kwanza uliyasema ukiwa nyumbani, mara ya pili unayasema ardhi imehama chini ya miguu. Sikio linasikia kitu kingine. Mara ya kwanza ni taarifa. Mara ya pili ni kama mtu aliyejisikia akisema, akagutuka kwamba ni kweli. Maisha ya kawaida hayatupi nafasi hiyo. Ukimwambia mtu shida yako mara moja anakwambia pole, ukirudia anakwambia ushasema. Mkaza mjomba alikuwa akisema kila asubuhi "unga umekwisha," na kila asubuhi mjomba anajibu "nimesikia," kwa sauti ya mtu anayeomba lisirudiwe. Bluzi ndiyo sehemu pekee ninayoijua ambapo kurudia ni sheria.

Basi, mstari wangu wa kwanza ulikuja bila shida:

*Wavu umekauka, bahari i mlangoni.*

Silabi 15, saba kisha nane. Shairi letu la kawaida linapenda mizani 16, nane kwa nane, na nilijaribu kufika huko nikaona silabi moja si ya kugombania. Jambo lililonipa tabu zaidi lilikuwa mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mla-NGO-ni. Kwa hiyo ile NGO ndiyo inayotakiwa kugonga pigo la kwanza la fungu la tatu, na "ni" ifuate haraka, ife. Mara za kwanza nilikuwa naigongesha "ni," natamka mlangoNI, kama mtalii wa Shela anayeuliza njia. Ukitaka kujua kama umekosea, imba huku unapiga mguu chini. Mguu na mkazo vikiachana, mstari unasikika umetafsiriwa hata kama umeuandika mwenyewe kwa Kiswahili.

Nikaurudia juu ya A. Ukakaa vizuri. Nikapanda B, nikaandika:

*Subira ina heri, kesho tuko baharini.*

Huo ndio uongo.

Nilimpigia mjomba jioni, sauti ndogo, kabla ya magharibi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Kesho ipi, mjomba?" (Sisi tunaitana hivyo wote wawili, mjomba na mjomba.) Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka tarehe.

Sikuwa na tarehe. Nilikuwa na kina.

Nimefikiri sana jinsi mstari ule ulivyoingia, na nadhani naweza kuonyesha mlango. Kiswahili kinarahisisha vina kupita kiasi, hasa ukimalizia kwa "ni." Nyumbani, sokoni, njiani, moyoni, mbinguni, chochote chenye mahali kinakubali. Nikimaliza "mlangoni" mara mbili, msikilizaji ameshajua naenda wapi, na mimi pia kalamu imeshajua. Wavuvi, bahari, ni: baharini. Baharini inataka kitenzi cha kwenda, cha kwenda kinataka kesho, kesho inataka subira. Mstari mzima ulijiandika kutoka nyuma. Sikuamini hata neno moja kati ya hayo, wala sikuamua kudanganya. Kina kilinisaidia kusema jambo ambalo kila mtu mwenye adabu angesema.

Na hapo ndipo swali linapoanza. Shida ikishatajwa mara mbili, umbo lenyewe linadai jibu. Sikio linangoja. Je, anayeimba ana deni la kutoa jibu? Na kama jibu halipo, afanyeje na mafungu manne yaliyobaki?

Kuna habari moja kuhusu asili ya umbo hili ambayo ilinisaidia kuliko ushauri wowote. W.C. Handy, yule aliyechapisha baadhi ya bluzi za kwanza kwenye karatasi, "Memphis Blues" mwaka 1912 na "St. Louis Blues" 1914, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba yapata 1903 alikuwa amesinzia kwenye kituo cha treni cha Tutwiler, Mississippi. Akaamshwa na mtu aliyevaa nguo zilizochakaa, anapiga gitaa kwa kuburuza kisu juu ya nyuzi. Yule mtu alikuwa na mstari mmoja tu, kuhusu mahali ambapo reli mbili zinakatana, anakokwenda. Aliuimba mara tatu. Mara tatu! Hakujibu chochote. Gitaa ndilo lilikuwa linajibu.

Baadaye Handy alipoandika zake alichukua mtindo wa mistari mitatu lakini wa tatu akaupa kazi, nayo, kwa maelezo yake, ilikuwa kueleza kwa nini yale ya kwanza yamesemwa. Zingatia hapo. Hakusema mstari wa tatu utatue shida. Alisema utoe sababu. Sisi tunaofundishwa umbo hili kwenye video za dakika tano tunaambiwa "tatizo, tatizo, jibu," na kwa sababu tumekulia kwenye hotuba na semina, tukisikia jibu tunasikia suluhisho.

Kwetu pwani, jibu ni kitu kingine kabisa, na nafikiri hilo pia lilinichanganya. Washairi wa Lamu na Mombasa wamejibizana kwa karne. Mmoja anatunga, anapeleka, mwingine anarudisha kwa mizani ileile na vina vilevile, anakubali au anamvua nguo. Zama za Muyaka hata vita kati ya miji vilikuwa na upande wake wa beti. Lakini humo jibu linatoka kwa mtu mwingine. Yule mwenye shida anafunga barua yake na kungoja. Bluzi inamtaka mtu mmoja aseme, ajirudie, kisha ajijibu mwenyewe bila kungoja posta. Ni jukumu la ajabu. Mimi nililifanya kuwa la ajabu zaidi, maana shida ilikuwa ya mjomba na jibu nikatoa mimi, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake akaijibu kwa hisani.

Nikajaribu tena, safari hii nikimfuata Handy. Sababu:

*Usiku umefungwa, twapigwa kufuli ndani.*

Mistari inakaa. Tena ni kweli, kwa namna ambayo ule wa kwanza haukuwa. Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo nimeisikia redioni." Nilitaka kubishana. Sababu ni muhimu, jamani, kuna watu wanaofikiri wavuvi wa Kiunga ni wavivu tu. Lakini nilipoipiga tena usiku nikaelewa alichokisikia. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa na mtu ndani yake, mtu aliyesimama kati ya wavu na bahari. Wa tatu ulipofika yule mtu akatoka, akaingia msemaji. Mjomba aligeuka kuwa mfano wa jambo. Na kila aliyewahi kuhojiwa na mtu mwenye fulana ya mradi anajua ilivyo kuwa mfano wa jambo.

Sisemi wimbo usitaje sababu. Bessie Smith alirekodi wimbo wa mafuriko Februari 1927, na maji ndiyo sababu ya kila kitu humo. Ila humo maji hayaelezwi, yanaingia ndani ya nyumba, na anayeimba lazima atoke akiwa hana pa kwenda. Sababu imebaki na mtu. Hicho ndicho sikukiweza kwa kufuli langu.

Kuna jaribio ambalo nimelitumia tangu wakati ule, na nalitoa bure. Chukua mstari wako wa tatu, ubandue, uubandike chini ya shida nyingine kabisa. Simu imeibiwa. Jino linauma. Ameolewa na mwingine. "Subira ina heri, kesho tuko baharini": badilisha neno la mwisho tu, inaingia kote, kama kofia ya saizi zote. Mstari unaoingia kila mahali haujajibu shida yoyote. Ule wa kufuli unafaulu kidogo zaidi, lakini bado ungeubandika kwa mfungwa, kwa mwanafunzi wa bweni, kwa mtu yeyote aliyefungiwa.

Jibu lenyewe lilikuwa mbele yangu siku zote, na niliona aibu kidogo nilipoligundua. Kile kiti cha plastiki. Nilipofika Kiunga kilikuwa kinatazama bahari, kama viti vyote vya barazani pale. Siku fulani, sikuiona siku yenyewe, mjomba alikigeuza. Akawa anakaa na kisogo kwa maji, anatazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, uliomomonyoka chokaa. Hakusema kitu kuhusu hilo na hakuna aliyemuuliza. Nikaandika:

*Wavu umekauka, bahari i mlangoni,*
*Nasema umekauka, bahari i mlangoni,*
*Nimegeuza kiti, natazama ukutani.*

Bado ni "ni," najua, lakini safari hii neno lilitoka ukutani kweli. Jaribu kuubandika kwenye jino linalouma. Haukai. Unahitaji bahari iwe mlangoni, na unahitaji mtu ambaye kuitazama kumemshinda. Hautoi tumaini wala hauelezi marufuku. Unasema tu alichofanya mtu huyu kwa shida hii, na kitendo hicho ni kidogo, hakisaidii chochote, na ni cha kwake.

Na juu ya B kinafanya kazi ambayo sikuipanga. "Nimegeuza kiti" inaangukia kwenye ile kodi yenye wasiwasi, kila kitu kimevutwa. Halafu A, unaanza kushuka, "natazama uku-." Halafu TA inagonga E, nyumbani. Muziki unasema amefika nyumbani, na maneno yanasema nyumbani ni ukuta. Ukiandika tumaini pale, muziki na maneno vinakubaliana na msikilizaji analala. Vikivutana kidogo anabaki macho. Nadhani ndiyo maana umbo hili linaweza kubeba majibu ambayo hayajibu kitu. Masikio yanapata utuo wao kutoka kwa kodi, kwa hiyo maneno yana ruhusa ya kutotulia. Hapohapo ndipo tunapodanganyika. Muziki umeshatua, basi tunadhani shida nayo imetua.

Lakini sikumpigia. Siku mbili nilikaa nao. Kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Mstari wa kwanza ulikuwa uongo wa kumfurahisha. Huu ulikuwa kweli ambayo yeye hakuwahi kuniambia, nimeiokota kwa macho nikiwa mgeni nakula wali wake. Kuna ukweli ambao mwenye nyumba anajua unaujua, nawe unajua anajua, na heshima yote imejengwa juu ya kutousema. Je, wimbo una ruhusa kuliko mdomo? Watu wa sanaa hupenda kujibu haraka kwamba ndiyo. Mimi sina hakika. Nafikiri ruhusa haiko kwenye sanaa, iko kwa yule ambaye kiti ni chake, na njia pekee ya kuiomba ilikuwa kumuimbia yeye kwanza, peke yake, na kuwa tayari kuutupa.

Nikamuimbia. Akanyamaza mafungu mengi kuliko manne. Nilishaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Halafu akasema, "Umesahau paka."

Paka gani?

Paka wao, alisema, alizoea kulala chini ya kile kiti akingoja vichwa vya samaki. Tangu wavu upande ukutani amehama, anaishi kwa mwalimu, kwa sababu mwalimu ana mshahara na jikoni kwake kunanukia nyama kila mwisho wa mwezi. Alisimulia hivyo bila kucheka, na mkaza mjomba akacheka ndani kwa ndani mpaka tukamsikia. Kisha akaukata, mjomba mwenyewe, akigonga mkono wa kiti:

*Paka ameninunia, jikoni hanusi papa,*
*Paka ameninunia, jikoni hanusi papa,*
*Kahamia kwa mwalimu, kaniacha hapahapa.*

Hesabu. Nane kwa nane, mizani 16 kamili, vina safi, mkazo mahali pake, na kina ambacho usingekibashiri. Mimi nilitumia siku tano kwa silabi 15. Lakini huyu amekulia kwenye nyimbo. Wabajuni wana kimayi za baharini, wana vave za wakulima zinazoimbwa usiku kabla ya kuchoma shamba. Hesabu iko mkononi, si kwenye daftari.

Ule ubeti ulinifundisha kitu kuhusu mstari wangu wa kiti. Wangu ulikuwa kweli, lakini ulikuwa kweli ya mtazamaji: mtu anaonekana kwa nyuma, anasikitisha. Wake ni wa mtu aliye ndani. Shida ni ileile, hakuna samaki, ila yeye anajiruhusu kuwa yule aliyeachwa na paka. Hakuna faraja pale. Paka hakurudi, na "hapahapa" ukiisikiliza vizuri ni neno gumu kuliko "ukutani." Kicheko hakikupunguza shida hata gramu. Kilichobadilika ni nani anayeishika. Kwa ubeti mmoja alinipokonya huruma yangu akanirudishia nikiwa nimekaa vizuri zaidi. Najua kuna watakaosema ucheshi ni njia ya kukimbia. Inawezekana, mara nyingine. Lakini mtu anayekimbia haendi na hesabu ya wazi hivyo ya nini kimeondoka, kimekwenda kwa nani na kwa sababu gani.

Nilisema tutarudi kwenye fungu la kumi na mbili. Baada ya mstari wa tatu kutua E kwenye la kumi na moja, ungedhani wimbo umekwisha. Lakini fungu la mwisho linapanda tena B, ile kodi ya wasiwasi, na B inavuta E ya mwanzo wa mzunguko unaofuata. Yaani sekunde tatu baada ya jibu, gitaa linakataa jibu. Linasema haya, sema tena. Ukitaka kumaliza wimbo inabidi uivunje hiyo tabia kwa makusudi, ubaki E, na hata ukifanya hivyo sikio linajua umelizuia. Kwa hiyo hata ule uongo wangu wa subira ungeimbwa, fungu la 12 lingeuliza lilelile alilouliza mjomba. Kesho ipi?

Usiku ule tuliendelea mpaka taa ya betri ikaanza kufifia. Beti zake sizikumbuki zote. Moja ilikuwa kuhusu kondoo wa jirani, haichapishiki. Kisha ikafika zamu yangu, maana alisema haiwezekani shida zote ziwe za kwake, nami pia nile changu. Nilikuwa na mstari, nilikuwa nao tangu nilipoacha masomo, na kila harusi ya ukoo nimeusikia kutoka kwa midomo tofauti:

*Wananiuliza mwaka, chuo utarudi lini.*

Nikaurudia juu ya A. Nikapanda B, mdomo wazi, na hakukuja kitu. Nilikuwa na majibu kumi ninayowapa watu, yote nikayapitisha haraka kichwani, yote yangeingia chini ya shida ya mtu mwingine yeyote. Fungu la tisa likapita. La kumi likapita. Gitaa likatua lenyewe E na mimi nimenyamaza, na aibu yake ilikuwa ya kweli, ingawa waliokuwepo ni wawili tu na mmoja amesinzia.

Nikamsimulia mjomba habari za yule mtu wa Tutwiler na mstari wake mmoja. Akauliza kisu kilikuwa cha aina gani. Sijui, nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Basi rudia huohuo." Nikarudi mwanzo, E, nikauimba mara ya kwanza, mara ya pili, nikapanda B nikauimba mara ya tatu, ukiwa bado swali, na kwenye fungu la kumi na mbili nikamwona ananyoosha mkono kuelekea kitu kilichokuwa kando ya kiti, nikadhani ni kandili. Alikuwa anapapasa chini, mahali alipokuwa akilala paka.

"Tena," akasema.